Maswali Kumi na Nane kwa Tusekile

Jumatatu, 5 Agosti 1957. Mbeya.

Baridi kali. Maji ya kunawia yameganda ukingoni mwa karai.

Barua kutoka kwa baba mdogo, huko kwetu Kalenga. Hasalimu, anaingia moja kwa moja. Ng'ombe wanane wa mahari anaonitunzia wamenenepa. Nikileta jina la mchumba kabla ya Septemba kwisha, ni wangu. Nisipoleta, atampa mdogo wangu Silvester, ambaye anaoa hata akiamshwa usingizini. Anamaliza kwa kusema umri wangu ni miaka ishirini na tisa. Kama vile mimi sijui!

Jina ninalo. Tusekile, mwanafunzi wa uuguzi, binti wa Tukuyu, Mmoraviani. Mimi ni Mkatoliki, lakini hilo nitalishughulikia baadaye. Tumeshaonana mara mbili. Mara ya kwanza tulizungumza juu ya baridi. Mara ya pili, kwenye chai hotelini, tulizungumza juu ya baridi, kisha ya vumbi. Rafiki yake Damari alikuwapo mara zote mbili, maana bibi mkuu wa bweni lao haruhusu msichana kutoka peke yake. Alikaa pembeni akifuma sweta.

Jumatatu ijayo wote wawili wanahamishiwa Iringa kumalizia mafunzo. Mara ya tatu itakuwa huko. Siwezi kusafiri kutwa nzima kwenda kuzungumza juu ya baridi ya Iringa.

Jumatano, 7 Agosti.

Nimepata dawa! Mwalimu Ambrosi, rafiki yangu wa shule ya msingi, anaijua. Aliwahi kufundishwa na padri mmoja mzee aliyekuwa akiandaa wachumba kwa ndoa. Unaitwa mchezo wa ngazi. Maswali kumi na nane, ngazi tatu, maswali sita kila ngazi.

Anasema mkutano wa kwanza watu hutazamana nguo. Wa pili hutazamana adabu. Wa tatu nguo zimeshaonekana na adabu imeshachoka, na msipopata la kusema hakuna wa nne. Ndiyo maana mchezo huu ni wa mara ya tatu. Mapema zaidi, watu wanatishika.

Ngazi ya kwanza ni mambo mepesi: chakula usichokichoka, wimbo unaouimba ukiwa peke yako, kitu kidogo kinachokuudhi. Ya pili ni ulikotoka: bibi yako alikufundisha nini, siku gani ya utoto huisahau, nani alikusaidia na hukumshukuru. Ya tatu ni moyoni: unaogopa nini, ulilia lini mara ya mwisho, ungependa mtu wa nyumbani mwako ajue nini bila kuambiwa.

Nikamwambia ni rahisi sana. Akasema ngoja, kuna masharti. Mnapokezana kuuliza, lakini kila swali mnalijibu wote wawili, aliyeuliza na aliyeulizwa. Hakuna kuruka ngazi. Mkimaliza moja mnapumzika, mnanyoosha miguu, na mnapanda inayofuata pale tu wote wawili mtakapotaka. Swali lisiwe la ndiyo au hapana. Mtu akisema "napita" haulizwi sababu. Jibu la mwenzako halibishiwi wala halisahihishwi. Unaweza kuongeza swali dogo linalotoka katika jibu lake, kuonyesha ulisikia. Na kubwa kuliko yote: mwenzako akifungua mlango shubiri moja, nawe fungua shubiri moja. Asibaki mtu mmoja amesimama nje wazi na mwingine anachungulia dirishani. Mwishoni mnashuka, kila mtu anamwambia mwenzake jambo moja alilolipenda siku hiyo.

Masharti mengi kuliko ya kukata leseni ya baiskeli. Nikauliza kama mtu hawezi kuanzia ngazi ya tatu, kuokoa muda. Ambrosi akanitazama kama anavyowatazama watoto wa darasa la pili.

Ijumaa, 9 Agosti.

Nimekata kadi kumi na nane kutoka kwenye katoni ya chai. Mwandiko safi. Nambari kila kona.

Jioni nikaona nihakikishe mwenyewe habari ya kuanzia juu. Mama Severina, mwenye nyumba wangu hapa Ilomba, alikuwa anapepeta maharage uani. Nikaketi karibu naye kwa heshima. Sauti ya chini. Nikamuuliza alilia lini mara ya mwisho mbele ya mtu.

Ungo ukaanguka. Akaniuliza nani amekufa. Nikasema hakuna, nauliza tu. Akasema najaribu kumwandaa kwa msiba, bila shaka ni Anyitike, dada yake aliye Rungwe, maana alikuwa anakohoa. Nikasema simjui Anyitike. Akapiga yowe. Jirani wa kwanza alifika kabla sijasimama. Wa pili alileta kuni, wa tatu unga. Wanaume wakaanza kukaa nje na kuniuliza mazishi ni lini.

Nilieleza mpaka saa mbili. Mzee mmoja akasema hata kwao mtu hupewa maji kwanza, akaulizwa habari za mifugo, ndipo akafikishwa kwenye msiba. Unga haukurudishwa, wameupika na kuula. Mama Severina hanisemeshi.

Nakiri: ngazi zipandwe kwa zamu.

Jumapili, 11 Agosti.

Siku njema kupita zote za mwaka huu.

Usiku uliopita sikulala. Niliwaza hivi: mchezo ni mzuri, ila una hatari moja. Majibu. Nikisema napenda wali na Tusekile anapenda ndizi, tumeshaachana kwenye swali la kwanza. Dawa ni kuyajua majibu yake mapema, kisha nijibu yaleyale. Ataona tumeumbwa chungu kimoja.

Nani anayajua? Damari! Wanalala chumba kimoja mwaka wa pili huu.

Nikamngoja nje ya kanisa lao na mche wa sabuni ya kunukia. Tusekile alikuwa amebaki ndani kwenye mazoezi ya kwaya. Tukakaa kwenye benchi la mbao, upande wa jua. Nikatoa daftari. Nikamwambia Damari nina maswali machache, ajibu kwa ukweli, asione haya, ni jambo la maana sana kwangu. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nimefikiri usiku kucha. Akavuta khanga, akakaa vizuri.

Chakula: ugali wa ulezi kwa kambale mkavu. Ajabu, binti wa Tukuyu asiyetaja ndizi! Lakini moyo hauna ramani. Wimbo: tenzi za kanisa, sauti ya pili tu, kwa sababu sauti ya kwanza kila mtu anaitaka. Kinachoudhi: mtu anayeita mwenzake kwa mbali bila salamu.

Ngazi ya pili alijibu polepole. Bibi alimfundisha kumnywesha ndama kwanza, ndipo mtu anywe. Siku asiyoisahau: mto Kimani ulipofurika, akavuka na ndama mgongoni, maji kifuani, akiwa na miaka tisa. Sikujua kwamba Tusekile amewahi kukaa Usangu. Msichana huyu ana mengi.

Ngazi ya tatu nikadhani atapita. Hakupita. Anachoogopa: kutoka katika chumba kilichojaa watu na asiulizwe na mtu amekwenda wapi. Cha kujulikana bila kuambiwa: akicheka sana, mara nyingi ameumia. Hapo akajifuta macho kwa pindo la khanga. Rafiki wa kweli huyu, analia kwa niaba ya mwenzake.

Akaniuliza na mimi je. Nikasema mimi nitajibu siku yenyewe, nikafunga daftari, nikakimbilia zamu yangu ya tiketi za basi.

Alhamisi, 15 Agosti.

Wameshafika Iringa. Nimemwandikia Tusekile kuomba tuonane Jumamosi ya tarehe 24. Naamini atakubali, nimeweka na stempu ya kujibia.

Nakariri majibu. Ofisini, kati ya tiketi na tiketi. Leo nimemwandikia mzee mmoja tiketi ya kwenda "Kambale" badala ya Kalenga. Tadeo, dereva wetu, ameisoma kwa sauti mbele ya abiria wote. Tadeo anajiona mzuri kwa sababu ana miwani ya jua. Ameuliza kama huyo kambale ana mzigo.

Jumatatu, 19 Agosti.

Amekubali! Saa nane mpaka saa kumi na moja, jiwe la Gangilonga, na Damari atakuwapo kama kawaida ya bweni. Mistari minne tu. Nimeisoma mara kumi na tatu.

Ijumaa, 23 Agosti. Kalenga.

Safari kutwa. Tadeo aliniweka kiti cha nyuma juu ya magunia ya viazi, akamweka mbele karani wa mahakama asiyelipa. Vumbi mpaka kwenye meno. Nimelala kwa baba mdogo. Amenipeleka zizini kuwaona ng'ombe, akawataja mmoja mmoja kwa majina. Silvester alikuwa zizini tayari, anamkuna shingo yule mweupe. Hakuondoa mkono nilipofika.

Jumamosi, 24 Agosti.

Niandike kwa utaratibu, maana sielewi.

Saa nane wamefika. Tusekile koti la samawati. Damari na sweta lake, sasa lina mikono. Amekaa kama hatua sita kutoka kwetu, kwenye jua, mahali pa kusikia bila kuonekana anasikia. Chini yetu mji wote. Nikatoa kadi, nikaeleza masharti. Tusekile akafurahi. Akasema kwao watu hutumwa kuulizia ukoo wa msichana, magonjwa na uvivu, lakini hakuna anayemuuliza msichana mwenyewe.

Ngazi ya kwanza. Akachomoa kadi, akaniuliza chakula. Bila kusita: ugali wa ulezi kwa kambale mkavu! Yeye akajibu: mbalaga, ndizi za kwao zilizopikwa na maziwa. Nikadhani anatania. Wimbo: mimi sauti ya pili ya tenzi. Yeye akasema hawezi sauti ya pili hata kwa fimbo, anaimba ya kwanza, tena kwa kelele. Nikaangalia daftari kichwani. Kila jibu langu lilikwenda huku, lake kule. Na kila nilipojibu, sindano za Damari zilisimama.

Sharti linasema jibu halisahihishwi. Nilijizuia kumwambia Tusekile kwamba anakosea.

Tukapumzika. Tukala maandazi. Aliuliza kama nataka kupanda, nikasema nataka, naye akasema anataka.

Ngazi ya pili. Siku ya utoto. Nikamweleza mto Kimani, mafuriko, ndama mgongoni. Nilieleza vizuri sana, maji kifuani na yote. Tusekile akatumia haki yake ya swali dogo. Akauliza mtoto wa Kalenga alifikaje Usangu na ndama. Nikasema matembezi. Akageuka kumtazama Damari. Damari alikuwa ameinama anatafuta uzi chini, na uzi ulikuwa mapajani.

Tusekile akanitazama kitambo. Kisha akauliza swali dogo jingine, lisilo kwenye kadi: kwa nini nilichagua kazi ya mabasi.

Hilo sikuliandaa. Mdomo ukaenda wenyewe. Nikasema baba yangu aliondoka kwenda mashamba ya mkonge nilipokuwa na miaka saba. Alipanda gari barabara kuu. Kila jioni nilibeba kigoda chake mpaka barabarani, ili akishuka apate pa kukaa, amechoka. Nilifanya hivyo mpaka masika yakaharibu kigoda. Nikasema kazi ya mabasi inafaa, maana ninaona kila anayeshuka.

Tusekile hakusema pole, hakuuliza zaidi. Akasema mama yake alifariki akiwa yeye shuleni, wakamficha mpaka likizo, akafika na zawadi ya leso mkononi. Bado anayo. Tulikaa. Nilijisikia vizuri namna ya ajabu, kama mtu aliyevua viatu vinavyobana. Damari alikuwa ameweka sweta chini kabisa.

Ndipo nikakumbuka mpango. Nimetoka nje ya daftari! Mwanamume wa miaka ishirini na tisa analilia kigoda! Nikacheka, nikasema nilikuwa natania, kazi ya mabasi niliichagua kwa ajili ya mshahara na sare.

Tusekile akasema aha.

Aliuliza kama nataka kweli ngazi ya tatu. Nikasema sana. Akakubali, ila akasema swali moja tu. Unataka nini kijulikane bila kuambiwa. Nikasema: nikicheka sana, mara nyingi nimeumia. Hapo Damari akasimama, akaenda kutazama mji upande wa pili wa jiwe. Tusekile akasema yeye anapita. Haulizwi sababu. Sikuuliza.

Tukashuka. Jambo moja la kupendeza. Mimi nikasema koti. Yeye akasema alipenda kigoda, hata kama kilikuwa utani. Kisha akasema kwa upole kabisa nisitume mshenga Tukuyu. Alikuja kunijua, na isipokuwa dakika kumi hivi, hakuniona. Na majibu yangu mengine, akasema, ameshayasikia chumbani kwao, taa ikishazimwa, kutoka kitanda cha pili.

Wakaondoka saa kumi na robo. Dakika arobaini na tano za ruhusa zimepotea bure.

Naumia. Nimeliandika ili nisilirudie.

Jumapili, 25 Agosti.

Misa. Baba mdogo aliuliza jina. Nikasema linakuja. Silvester akauliza linakuja kwa basi gani.

Kosa ni la nani? Kadi zilikuwa safi. Masharti niliyafuata. Kosa ni la kigoda. Pale ndipo mambo yalipoharibika.

Jumatatu, 2 Septemba. Mbeya.

Barua kutoka Iringa. Si Tusekile. Damari! Nainakili hapa kwa ufupi, ili iwe ushahidi.

Anasema aliniomba radhi moyoni mara nyingi, sasa anaiomba kwa wino. Majibu niliyoandika siku ile kanisani hayakuwa ya Tusekile. Yalikuwa yake. Hakukusudia hila. Nilimtazama yeye usoni nikauliza anaogopa nini, na katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumuuliza, akajibu kabla hajafikiri swali ni la nani. Alipogundua, nilikuwa nimeshakimbia. Anasema pale kwenye jiwe alisikia maisha yake yakisimuliwa na mtu mwingine, akaona haya, na tena akafurahi, hajui kwa nini. Jibu moja tu lilikuwa langu, la kigoda, nami nikalinyang'anya. Alilia kwa hilo.

Kisha anasema mchezo una sharti, alilisikia nikilieleza: kila swali hujibiwa na wote wawili. Yeye ameshajibu kumi na nane. Mimi sijajibu hata moja. Kama napenda, nimwandikie yangu. Yaliyo yangu. Atangoja.

Nimesoma mara nne. Hasira kwanza. Kambale! Ndama! Yote bure!

Jioni, baada ya ugali, hasira imepungua. Damari. Anacheka kwa sauti, hilo kweli. Ana macho ya kusikiliza. Sweta lile lilikuwa la nani? Ajabu, sikuwahi kuuliza.

Jumanne, 3 Septemba.

Nimemweleza Ambrosi. Akasema mimi ni mtu mwenye bahati nisiyostahili. Akasema niandike ukweli, hata mistari mitatu ya ukweli, nianze na kigoda, niongeze na huzuni ya kukiona kimeoza. Akasema mwanamke yule ameacha mlango wazi na ameketi kwenye kizingiti. Akanipa karatasi nzuri ya shule.

Ambrosi ni mwalimu, ana haki ya kushauri. Lakini hana akili ya biashara.

Jumatano, 4 Septemba.

Barua imekwenda na basi la saa kumi na mbili. Tadeo mwenyewe kaibeba, akanusa bahasha.

Nilikaa juzi na jana nikiwaza. Ukweli wangu ni upi? Chakula napenda wali. Ninaogopa Silvester, baba mdogo, na magari yanayofika bila mtu kushuka. Nani ataolewa na hayo? Kisha nikafungua daftari, na jambo likaniangukia. Majibu yake yote ninayo! Kumi na nane, kwa mwandiko wangu mwenyewe! Safari hii si ya kubahatisha, nina hakika ni ya mwenyewe, kathibitisha kwa sahihi.

Nimeyanakili moja baada ya jingine, taratibu, kwa wino mweusi. Ugali wa ulezi kwa kambale mkavu. Sauti ya pili. Ndama anywe kwanza. Naogopa kutoka katika chumba kilichojaa watu na nisiulizwe na mtu nimekwenda wapi. Hilo la ndama nimebadilisha kidogo, nimeandika mbuzi, asije akashtuka. Majuma matatu yamepita, mtu hakumbuki kila alichosema.

Atashangaa tulivyofanana! Nimeshamwandikia baba mdogo jina, na nimemwambia Ambrosi apige pasi koti lake la ushenga.